Hypo si Hyper: Usimsomee Nyanya Dischaji Mbio Mbio

Vijana wenzangu, mzee akiruhusiwa kutoka hospitali hupewa ile karatasi ya Kizungu, dischaji, na kazi ya kumsomea huangukia yeyote kati yetu aliye karibu. Wengi wetu tunaisoma mbio mbio ndani ya tuktuk. Mimi nasema kazi hii ianzie wodini, kabla hamjatoka, na tuache kutafsiri mstari kwa mstari.

Chukua mfano. Nyanya wa miaka 74, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, amezirai alfajiri na kulazwa siku mbili. Karatasi yake inasema hivi:

```
Dx: Hypoglycaemia, T2DM
Stop glibenclamide
Metformin 500 mg BD PC
TCA 2/52 MOPC, FBS
```

Mtego wa kwanza uko kwenye silabi moja tu. Hyper ni sukari kupanda, hypo ni sukari kushuka. Ukisoma haraka utamwambia, "Nyanya, sukari ilikuwa juu," naye ataamini, maana kwake kuugua sukari ni sukari kupanda. Atafanya nini? Atakunywa chai kavu, ataruka chakula cha usiku, pengine ameze kidonge cha ziada. Yaani atarudia yale yale yaliyomwangusha.

Kwa hivyo anza na kilichotokea, polepole: "Nyanya, safari hii sukari haikupanda, ilishuka mno. Dawa moja iliendelea kuishusha na tumboni hamna kitu." Nyamaza kidogo. Mwache aulize.

Mtego wa pili ni neno Stop. Karatasi imesema dawa iachwe, lakini dawa yenyewe bado iko nyumbani kwenye kile kikopo chake. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee, hasa mwenye figo dhaifu, inaweza kushusha sukari hata saa nyingi baada ya kuimeza. Pia inauzwa kwa majina tofauti ya kampuni. Kwa hivyo usimwambie tu "acha ile nyeupe". Mwombe alete dawa zote, soma yale maandishi madogo ya jina halisi kwenye kila pakiti, na zilizosimamishwa zitenge mbele ya macho yake. Ukiwa na shaka, mpelekee mfamasia pakiti zote.

Zilizobaki ni rahisi. BD ni mara mbili kwa siku, PC ni baada ya kula. Lakini nyanya haishi kwa saa za hospitali, kwa hivyo mwambie, "Kimoja baada ya chai ya asubuhi, kimoja baada ya chakula cha usiku." TCA ni kurudi kliniki, na 2/52 ni wiki mbili, maana mwaka una wiki 52. Wapo wanaosoma "tarehe mbili" na siku ikawapita. Ingekuwa 2/12 ni miezi miwili, 2/7 ni siku mbili. FBS ni kupima sukari kabla ya kula, kwa hivyo siku hiyo afike bila kula, na mfuko uwe na kitu cha kula akishapimwa.

Kisha mweleze dalili: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Mashine ikisoma chini ya 4, apewe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15, halafu ale. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mwisho, usimuulize, "Umenielewa?" Atasema ndiyo kwa heshima tu. Muulize, "Nyanya, shangazi akija kesho akuulize dawa zako, utamwambiaje?" Akijibu, "Hiki asubuhi na usiku nikishakula, kile nimekiacha," basi ameelewa. Akikosea, wewe ndiye hujaeleza vizuri. Rudia kwa maneno mengine.

Haya yote si hisani ya mjukuu pekee. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake, pale inapowezekana kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Hapa Pwani, manesi na madaktari wengi wanakijua Kiswahili, kwa hivyo inawezekana. Kabla ya kusaini na kubeba mfuko, sema kwa adabu, "Daktari, tafadhali mweleze nyanya mwenyewe, ni dawa gani ameacha na kwa nini." Dakika tano pale kitandani ni bora kuliko kumrudisha alfajiri nyingine akiwa hajitambui.