Kwaya ya Watoto Si Lazima Iwe Video ya Watoto

Nimewasikia wapiga video wa Migori na Homa Bay wakibishana nusu saa kuhusu kategoria: tuweke Music ama Entertainment? Eti ukikosea hapo, video inakufa. Mimi napinga. Kategoria ni lebo tu, imefichwa chini ya Show more. Kinachoisukuma video mbele ni watu kuibonyeza na kuendelea kuitazama. Ukisahau kuibadilisha, haujaizika.

Swali linaloweza kuizika liko juu yake, na wengi hulijibu bila kusoma: je, video hii imetengenezewa watoto?

Tuseme kwaya ya shule ya msingi kutoka Rongo imeimba kwenye tamasha. Mpiga video anaona watoto jukwaani, anabonyeza "Yes, it's made for kids". Anadhani amekuwa mwadilifu. Kumbe komenti zimefungwa, kengele haimwambii mfuasi yeyote kwamba kuna video mpya, na shangazi aliye Nairobi hawezi kuihifadhi aitazame baadaye. YouTube nayo huelekea kuipendekeza kando ya video zingine za watoto. Kwaya ya Rongo inapangwa na katuni, ilhali wanaoitafuta ni wazazi, walimu na wanafunzi wa zamani. Na matangazo yanayolenga mtazamaji binafsi hayawekwi, kwa hivyo hata mapato hushuka.

Swali hili halikuanzia kwetu. Septemba 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa kukusanya data za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi. Tangu Januari 2020 kila anayepakia, hata akiwa Mbita, lazima ajibu. Lakini swali linauliza video imemlenga nani. Mtoto kuonekana ndani yake hakutoshi kuifanya ya watoto.

Kuna wanaoogopa kwamba "No, it's not made for kids" inamaanisha video ni chafu. Hapana. Kuwafungia walio chini ya miaka 18 ni swali lingine kabisa, chini yake. Ukijibu "No" la kwanza, mtoto bado anaweza kutazama.

Sisemi mdanganye. Kama unafunza chekechea kuhesabu kwa wimbo na vikaragosi, jibu ni "Yes", na ukikataa, YouTube inaweza kuibadilisha yenyewe.

Kwa hivyo fungua video yako ya zamani kama mgeni. Komenti zimefungwa na hukuzifunga wewe? Ingia Studio, bonyeza Content, chagua video, tazama sehemu ya Audience, usome swali lote. Na mteja aliyekulipa umrekodie kwaya, muulize kwanza: hii ni ya nani kutazama?