Anayelipa Ndiye Anayejibiwa

Jumamosi vijana wa hapa Sugoi tulikuwa na mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba misaada ya kigeni inazidhuru serikali zinazoipokea kuliko inavyozifaa. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilipewa dakika saba na mengine yakanibaki kooni, kwa hivyo nayaweka hapa yote. Soma, halafu uniambie nimekosea wapi.

Kwanza shika hoja yenyewe. Haisemi misaada inawadhuru wagonjwa. Inasema serikali. Wenzetu wa upande wa pili walisimama wakatuuliza ati tunataka watu wafe? Hapana. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana vilianzisha AMPATH, wakati kupatikana na virusi vya ukimwi kulikuwa kama kusomewa hukumu. Mwaka 2003 Marekani ikaanzisha mpango wa PEPFAR, na dawa zikafika hadi vituo vya mashambani kama Turbo hapa jirani. Watu waliokuwa wamekata tamaa wakarudi kupanda mahindi. Hilo silikatai. Swali langu ni lingine: katika miaka hiyo zaidi ya ishirini, serikali yetu ilijifunza nini?

Ilijifunza kutohesabu. Ngoja nieleze. Pesa ya serikali ina njia yake. Inaingia kwenye mfuko mkuu wa taifa, Bunge linaipitisha, Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha itolewe, na Mkaguzi Mkuu anaifuata nyuma akiuliza ilikwenda wapi. Katiba ndiyo inasema hivyo. Sasa pesa ya mfadhili anayelipa shirika moja kwa moja haipiti huko kote. Inatoka Washington, inaingia kwa mkandarasi, inashuka kwa shirika la hapa, na shirika linaajiri karani, mshauri, mtu wa maabara na muuguzi. Jengo ni la kaunti na mgonjwa ni wa kaunti, lakini mshahara wa anayemhudumia hauko kwenye bajeti ya kaunti. MCA wako hawezi kuupigia kura kwa sababu hajauona.

Ingia kituo cha afya chochote utaona. Upande mmoja kuna foleni ya kawaida, malaria na presha, muuguzi mmoja na watu sitini. Upande wa pili kuna kliniki ya CCC, imepakwa rangi, ina kompyuta, faili zimepangwa, na simu inapigwa usipofika siku yako. Tulizoea. Tukadhani huo upande mzuri ni serikali inafanya kazi. Kumbe ni serikali imekaa kando, na mkutano wa bajeti ukifika hakuna anayeuliza dawa za mwaka ujao zitatoka wapi, maana "kuna wafadhili".

Mwaka huohuo wa 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya ilikuwa kati yao. Mpaka leo hatujafika. Kwani haraka ya nini, kama mwingine analipa?

Halafu ikaja Januari 20, 2025. Trump ameapishwa, na siku hiyohiyo akatia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baada ya siku chache mashirika yakaandikiwa yasimamishe kazi. Baadaye ikasemwa dawa za kuokoa maisha zimeruhusiwa, lakini dawa haijipeleki kwa mgonjwa. Mama mmoja ninayemjua alikwenda kituo chake, sitakitaja, akakuta mlango wa kliniki umefungwa na mlinzi hajui lolote. Dawa zilikuwa ndani. Aliyekuwa anazitoa ndiye aliyeambiwa abaki nyumbani. Akavuka ua akaenda foleni ile ya kawaida, na muuguzi wa kaunti akamwambia ukweli: mimi faili lako sijawahi kulishika. Fikiria hapo. Mgonjwa wa Kenya, kituo cha Kenya, muuguzi wa Kenya, na karatasi iliyosainiwa ng'ambo imewatenganisha kwa ukuta mmoja.

Uhuru Kenyatta siku hizo alisimama Mombasa akauliza tunalia nini, ilhali hatulipi kodi Marekani. Watu wakampigia makofi. Mimi nilijiuliza, mzee, wewe si ulikuwa Ikulu miaka kumi? Ukuta huo uliukuta na ukauacha.

Mtu ataniambia wafadhili hupita kando kwa sababu serikali ni wezi. Hapo ndipo penye utamu. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu aliibua ununuzi wa KEMSA wa vifaa vya Covid, shilingi bilioni 7.8 zilizotumika bila kufuata utaratibu. Mwaka uliofuata shehena ya dawa za ARV kutoka Marekani ikakwama bandarini Mombasa. Serikali inadai kodi ya takriban shilingi milioni 90, na Wamarekani hawataki dawa zao zipitie KEMSA. Wanaougua wakaandamana barabarani wakipiga kelele, vituo vikaanza kugawa dawa za wiki chache badala ya miezi. Angalia nani alikuwa anabishana na nani. Ubalozi na wizara. Mgonjwa hakuwa na kiti. Na dawa ya ugonjwa wa KEMSA haikuwa kuipita kando, ilikuwa ni sisi kuishika shati. Lakini utaishikaje shati kama kila ikiharibu kuna mwingine anafunika shimo? Mei 2023 ikaja kashfa nyingine hapohapo KEMSA, ya zabuni ya vyandarua vya pesa za Global Fund. Katibu wa wizara akafutwa, bodi ikavunjwa, na tena kilichowatikisa ni mfadhili kukasirika.

Upande wa pili walinipiga na mwaka 1991, na nakiri walinipiga vizuri. Wakasema ni wafadhili waliombana Moi mpaka vyama vingi vikarudi. Ni kweli, Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakazuia misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A kikaondolewa. Lakini sikiliza walichosema. Kilichosaidia ni kunyimwa! Miaka yote ambayo Kenya ilikuwa ya chama kimoja, watu wakiwekwa kizuizini na vyumba vya Nyayo House vikijaa, misaada ilikuwa inamiminika.

Wakasema pia mambo yamebadilika. Desemba 2025 serikali ilisaini Washington mkataba mpya wa afya wa miaka mitano, Marekani ikitoa dola bilioni 1.6 na Kenya ikiahidi kuongeza milioni 850, na safari hii pesa zipitie serikalini. Hilo la kupitia serikalini ni afadhali, nakubali. Lakini wiki moja tu baadaye ilibidi Mahakama Kuu isimamishe sehemu ya kupeleka data za afya zetu ng'ambo, baada ya wateteaji wa raia kwenda kortini. Aliyelipa aliketi mezani. Mwenye faili alisubiri kwa jaji.

Sasa kazi. Sheria inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na lazima wananchi waitwe. Ukienda, usiulize barabara peke yake. Uliza wafanyakazi wa kliniki ya CCC ya kituo chako ni wangapi, na wangapi kati yao wako kwenye mshahara wa kaunti. Omba jibu kwa maandishi, liandike hapa chini pamoja na jina la kituo.