Pindo la Matriksi Si Pambo

Mwanafunzi aliyefundishwa njia ya Lagrange ya kutafuta upeo chini ya sharti aghalabu huishia pale anapoipata nukta. Huandika milinganyo yake, huifumbua, hupata jibu moja, kisha hutangaza kuwa hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kwa sababu swali lilisema hivyo. Kwa kweli hajathibitisha lolote. Milinganyo ile humwonyesha tu mahali ambapo kiasi kimetulia kwa kitambo. Haimwambii kama amesimama bondeni au kileleni. Kipimo cha derivativi za pili ndicho kiwezacho kuamua, na hicho ndicho kinachofundishwa vibaya kuliko vyote, kwani hutolewa kama kanuni ya alama za chanya na hasi, ya kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani.

Achukuliwe fundi bati anayetaka kutengeneza kopo la duara lenye kitako na mfuniko, lichukue ujazo uliowekwa, nalo litumie bati kidogo iwezekanavyo. Nusu kipenyo ikiwa r na kimo kikiwa h, eneo la bati ni 2π(r² + rh), na ujazo ni πr²h. Maadamu 2π na π hazibadiliki, zaweza kuwekwa kando. Vipimo na viwe kwa desimeta, yaani sentimeta 10, na ujazo uwe ule ufanyao r²h = 2; kopo la namna hiyo huchukua lita 6.28 hivi. Kazi basi ni kupunguza f = r² + rh, kwa sharti kwamba g = r²h = 2.

Joseph-Louis Lagrange (1736–1813) alifundisha kuviunganisha viwili hivyo katika fanksheni moja: L = f − λ(g − 2). Kigeu kimoja hubadilishwa huku kingine kimeshikwa, na kila derivativi hufanywa sifuri. Kwa r hupatikana 2r + h = 2λrh, na kwa h hupatikana r = λr². Mlinganyo wa pili watoa λ = 1/r, na huo ukiingizwa katika wa kwanza, h = 2r. Sharti lamalizia kazi: r = 1, h = 2, λ = 1. Kimo kimekuwa sawa na kipenyo, na f ni 3. Je, hilo ndilo kopo linalokula bati kidogo au bati jingi?

Hapa ndipo inapoingia matriksi yenye pindo. Pembezoni, kama pindo la kanga, huwekwa derivativi za kwanza za sharti: kwa r ni 2rh = 4, na kwa h ni r² = 1. Ndani huwekwa derivativi za pili za L. Ile ya r mara mbili ni 2 − 2λh = −2; ile ya r na h ni 1 − 2λr = −1; ile ya h mara mbili ni 0. Matriksi ni hii:

0    4    1
4   −2   −1
1   −1    0

Determinanti yake ni −6. Kwa vigeu viwili na sharti moja, determinanti hasi huonyesha kiwango cha chini, na chanya huonyesha kiwango cha juu. Msomaji atambue kwamba hii ni kinyume cha mazoea, kwa kuwa pasipo sharti kiwango cha chini hudai determinanti chanya. Na kama mtu angelikata pindo akabaki na kipande cha ndani tu, angelipata −1 na kusema kwamba nukta ile ni ya tandiko, si juu wala chini. Angelikosea.

Lakini kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Wanafunzi wengi, kwa kuwa wanatafuta kiwango cha chini cha f, hujaza ndani derivativi za pili za f badala ya zile za L. Hizo ni 2, 1 na 0. Determinanti inakuwa +6, hesabu yote ikiwa safi, na mwanafunzi anaandika kwamba kopo lile ndilo linalotumia bati jingi kuliko mengine. Amefika kinyume kabisa cha ukweli, wala kanuni aliyoikariri haina la kumwonya.

Sababu ya kosa hilo yaweza kuonekana bila determinanti yoyote, na ilistahili kufundishwa kwanza. Kutoka r = 1 na h = 2, mwelekeo pekee ambao ujazo haubadiliki mwanzoni ni ule ambapo, r ikiongezeka kwa t, h hupungua kwa 4t. Mtu akiufuata mwelekeo huo kwa mstari ulionyooka, f inakuwa 3 − 3t². Inashuka! Kwa t = 0.1, nusu kipenyo ni 1.1, kimo ni 1.6, na f ni 2.97. Yaonekana bati limeokolewa. Lakini r²h sasa ni 1.936, wala si 2. Bati limepungua kwa sababu kopo limepunjwa. Sharti ni mstari uliopinda, na mwenye kwenda moja kwa moja huuacha.

Upungufu wa r²h katika njia hiyo ni karibu 6t². Kizidishi λ ndicho bei ya kila kipimo cha ujazo kwa hesabu ya bati, na hapa bei hiyo ni 1. Basi kulipia upungufu kwataka 6t² nyingine, na −3t² ikijumlishwa na 6t² hubaki +3t². Kopo lisilopunjwa hula bati zaidi kila upande. Derivativi za pili za L zimekwisha kulipa deni hilo. Zile za f hazijalipa. Mwenye shaka na ajaribu kwa kuweka h = 2/r²: f inakuwa r² + 2/r, derivativi yake ya pili kwa r = 1 ni 6, na thamani zake kwa 0.9 na 1.1 ni 3.032 na 3.028. Zote zapita 3. Hata ile −6 ya determinanti ni hiyo hiyo 6, iliyozidishwa kwa mraba wa derivativi ya sharti kwa h, ambao hapa ni 1, na kupewa alama ya kutoa. Fumbo la alama zilizogeuka limekwisha.

Wako walimu watakaouliza kwa nini basi kigeu kimoja kisiondolewe kila mara kama ilivyofanywa sasa hivi. Swali ni la haki, na kwa kopo hili jibu ni kwamba yafaa kuondoa. Lakini sharti kama x³ + y³ + xy = 3 halikubali kwa urahisi kufumbuliwa kwa y, ilhali kulijaza pindo lake katika nukta (1, 1) ni kazi ya dakika moja: 4 na 4.

Kipimo chenyewe kina mipaka. Huthibitisha jirani ya nukta tu, wala hakisemi lolote juu ya makopo ya mbali. Kwa kopo hili, ni r² + 2/r yenyewe, ambayo derivativi yake ya pili ni chanya kwa kila r iliyo chanya, ndiyo inayoonyesha kwamba hakuna bonde jingine. Tena determinanti ikiwa sifuri, hunyamaza. Katika sharti y = 0, fanksheni y + x⁴ na y + x³ zote mbili hutoa determinanti sifuri katika nukta (0, 0). Ya kwanza ina kiwango cha chini pale. Ya pili haina cha chini wala cha juu.