Kadi Tatu Zilisema "Nenda", Ila Zilitolewa Kabla Jamaa Hajabadilisha Sehemu ya Kukutana

Kuna mrembo mmoja wa Sinza, jina tunaliacha, ambaye Jumamosi moja alikuwa na miadi ya kwanza na mkaka waliyekutana kwenye apu ya wapenzi. Walikuwa wamechati wiki mbili. Picha za jamaa nne, zote kali. Sauti yake aliisikia kwenye voisi noti tu, simu ya video kila siku ina sababu: mara bando limeisha, mara kamera imekufa. Wakakubaliana saa kumi na mbili jioni, mgahawa wenye watu wengi, Mlimani City.

Saa sita mchana mrembo akatoa kadi zake za utabiri. Siyo taroti. Watu wanachanganya hivi vitu, tuviweke sawa. Taroti ina kadi 78 na mpangilio unaojulikana, ndani yake kuna Kifo, kuna Mnara unaoanguka, kuna Ibilisi, yaani ukiichanganya vizuri unaweza kupata kitu cha kukutisha. Hizi za utabiri hazina mpangilio maalumu. Aliyezitunga anaamua mwenyewe ziwe ngapi na ziseme nini, halafu anaweka kakitabu ka maelezo ndani ya boksi. Za huyu dada zilikuwa 44, zimepakwa dhahabu pembeni, nzuri hata kwa kupiga picha.

Akazichanganya, akakata mara tatu kwa mkono wa kushoto, akatoa tatu. Ya kwanza mimi, ya pili yeye, ya tatu sisi. Zikatoka Mbegu, Moyo Wazi na Jiachie. Akasoma kitabu, akapiga picha, akamtumia shosti wake na vimoyo sita.

Kadi iliyommaliza ilikuwa ile ya yeye. Moyo Wazi ilieleza mtu aliyeumizwa zamani, anayeonekana mgumu kwa nje lakini ndani bado anatafuta wa kumwamini. Dada akasema huyu ndiye kabisa, jamaa alishamwambia kuhusu eksi wake! Sasa jiulize, ni kijana gani wa miaka 28 hapa mjini hajawahi kuumizwa? Hiyo kadi inamfaa konda, inamfaa meneja wa benki, inamfaa hata yule eksi. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Mmarekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akidai yametokana na mtihani waliofanya. Akawaambia watoe maksi kati ya 0 na 5 kuona yamewapata kiasi gani. Wastani ukawa 4.26. Halafu akawaonyesha kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa mtaani. Hawakuwa wajinga wale. Mtu akiambiwa maneno mapana anayajaza mwenyewe kwa maisha yake, halafu anamsifia aliyeyasema.

Turudi Sinza. Saa kumi na moja, dada ameshapaka lipstiki, meseji inaingia: "Mamy, Mlimani kumejaa, njoo Mbezi kwa mshkaji wangu, kuna ka-paa katulivu, nakutumia bodaboda."

Hapa ndipo penyewe. Siku nyingine yoyote huyu dada angekataa. Ni mtu mzima, ana akili zake, na ndiye anayewaonya wenzake kila siku. Lakini leo alikuwa na Jiachie mezani. Kitabu kilimwambia aache kutaka kushika usukani na akubali njia mpya. Akaanza kuisoma meseji ya Mbezi kama vile ndiyo ile njia mpya iliyotabiriwa. Akamwandikia shosti: "Nimeshaambiwa nijiachie."

Shosti hakubishana kuhusu mizimu wala dini. Aliuliza swali moja: kadi ulizitoa saa ngapi? Saa sita. Na sehemu imebadilishwa saa ngapi? Saa kumi na moja. Sasa zile kadi zilikuwa zinaongelea Mlimani City au Mbezi?

Kimya.

Dada akataka kuzitoa upya. Na hiyo ndiyo dalili ya kuangalia, kwa yeyote mwenye mazoea haya: ukiona unarudia kutoa kadi kwa swali lile lile, ujue jibu unalo tayari, unachotafuta ni kibali. Shosti akaja mwenyewe, ni mtaa wa pili tu, akamwambia tusizitoe, tuzihesabu. Wakazimwaga zote 44 kitandani, wakatenga zile zinazosema subiri, angalia, kuna kitu kimefichwa. Walipata nne. Nne tu! Zingine zote ni mwanga, maua, uponyaji na milango kufunguka.

Piga hesabu. Ukitoa tatu kwenye boksi lile, uwezekano wa kukosa zote nne za tahadhari ni 40 kwa 44, mara 39 kwa 43, mara 38 kwa 42. Inakuja karibu asilimia 75. Maana yake wasichana mia wakizitoa kabla ya kwenda kuonana na wanaume mia, kama 75 kati yao hawataona hata kadi moja ya kuwaonya, wanaume wawe malaika au wawe matapeli. Jibu linategemea kilichowekwa kwenye boksi. Mwanaume hahusiki kabisa.

Na inachekesha kidogo, maana huyu dada alishamcheka sana shangazi yake kwa kwenda kupigiwa ramli Tandika. Sema mpiga ramli angalau anakuuliza maswali mawili matatu, na anaweza kukuangalia usoni akaona una wasiwasi. Karatasi haioni.

Kwamba kadi zitupwe, hapana. Wapo wanaozitumia kutuliza moyo, na kuna namna zinafaa: ukitoa kadi ukaona umekasirika au umeshtuka, hilo ni jambo lako wewe, lifuatilie. Dada angeuliza "ni kitu gani naogopa kumuuliza huyu mtu?" angefika kwenye simu ya video mapema sana. Tatizo ni ile kadi ya pili, ya yeye. Kadi haina habari za mtu ambaye hayupo chumbani. Habari zake anazo mwenyewe, na zinapatikana kwa dakika mbili za kuonana uso kwenye simu, kwa kushikilia sehemu mliyokubaliana, kwa kwenda na usafiri wako ili uondoke utakapo, na kwa mtu mmoja kujua uko wapi na utarudi saa ngapi.

Basi dada akajibu: "Mbezi siwezi, tukutane pale pale, hata saa moja sawa. Nipigie video kwanza nikuone."

Jamaa akaandika "Kwani huniamini?" Dada akamjibu kwamba ndiyo kwanza wanataka kujuana. Tiki mbili za bluu, kisha kimya hadi leo. Labda alikuwa na nia mbaya, labda ni mkaka wa watu mwenye kasirani na kamera mbovu kweli. Hakuna anayejua. Lipstiki haikuharibika lakini, waliteremka wawili na shosti wakala mishkaki hapo hapo Sinza, na boksi la kadi likabaki kitandani, nne zikiwa zimetengwa pembeni.