Usimwandikie Mzee "Habari" Ukadhani Umemsalimu

Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa maneno matatu tu: shikamoo, habari na hujambo. Kabla hujaninunia, nisikilize mpaka mwisho.

Kijana mmoja wa hapa kwetu Kathiani alikuja kwangu na malalamiko. Familia yao ina mzozo wa mpaka wa shamba, na mtu wa pekee aliye hai anayejua mpaka ulipandwa wapi ni ndugu mdogo wa marehemu babu yake. Mzee huyo alihamia Tanga akiwa kijana, akaoa huko, akazeekea huko. Simu hana habari nayo, lakini barua anasoma mwenyewe. Kijana akamwandikia. Miezi miwili ikapita kimya. "Mchungaji," akaniambia, "mzee ametutupa."

Nikamwomba nione alichoandika. Alikuwa amekipiga picha kabla ya kukituma. Kilianza hivi: "Habari. Natumai uko poa. Nilikuwa nataka kukuuliza kuhusu lile shamba la chini."

Nikamwambia, mwanangu, mzee hajakutupa. Wewe hujamsalimu.

Akashangaa. "Si nimeandika habari?" Na wewe unayesoma hapa pengine umeshangaa vilevile, kwa sababu sisi Wakamba tunaulizana uvoo. Tunamuuliza rika, tunamuuliza mzee, naye anajibu ni museo na hakuna aliyevunjiwa heshima. Tulipojifunza Kiswahili tukachukua habari tukaiweka pale pale palipokuwa na uvoo, kama mtu anayehamisha sufuria kutoka jiko moja hadi jingine. Ndiyo maana hapa Kathiani na hata Mitaboni ukimwambia mzee "Habari yako, Mzee" atakujibu vizuri na maisha yataendelea. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kudhani kwamba kila mzee anayesoma Kiswahili anakisoma kwa masikio ya Kathiani.

Mzee wa Tanga hasikii uvoo. Anasikia neno lililotoka kwenye Kiarabu lenye maana ya taarifa. Ukimwandikia "Habari" peke yake, bila jina la heshima na bila "za huko" wala "za nyumbani", umemdai taarifa kabla hujamwonyesha kwamba unajua yeye ni nani. Hivyo ndivyo anavyosalimiana na mwuza nazi sokoni. Si tusi, lakini kwa mjukuu ni pungufu, na mzee aliyezoea kupewa chake anauona upungufu huo kwenye mstari wa kwanza.

Sasa kuna wapendwa wenye jibu la haraka: basi aandike hujambo, ni Kiswahili safi. Ni safi kweli, lakini tazama linavyotembea. Hujambo ni "huna jambo", yaani huna neno linalokusumbua, na mwenzako hujibu sijambo. Babu akimwandikia mjukuu, ndivyo anavyofungua: "Hujambo, mjukuu wangu?" Neno linateremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, au linakwenda sawa kati ya marika. Mjukuu akilichukua na kulifanya salamu yake ya kwanza kwa babu, amevaa koti la babu. Linamfika mabegani, lakini mikono inaning'inia.

Msomeni yule mama Mshunami katika 2 Wafalme 4. Nabii Elisha anamtuma Gehazi akamuulize kama hajambo, na kama mumewe na mtoto hawajambo. Nabii ndiye anayeuliza. Na mama anajibu kwamba hawajambo, huku mtoto amelala amekufa nyumbani! Mtu akiulizwa hujambo njiani, mara nyingi hujibu kwa adabu, akauficha moyo wake. Hujambo ni neno jema la kutakiana afya. Kumpa mtu cheo chake si kazi yake.

Kazi hiyo ni ya shikamoo, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo hasa, kwa sababu kuna ndugu zetu wa kiroho wanaolikataa. Wanasema maana yake ni "nashika miguu yako", na aliyeokoka hashiki miguu ya mtu. Wengine wanaongeza kwamba ni salamu ya watumwa kwa mabwana zao. Wananisomea Matendo 10, Kornelio alipoanguka miguuni pa Petro na Petro akamwinua.

Kuhusu miguu, hawakukosea. Hivyo ndivyo neno hilo linavyoelezwa kwa kawaida: shika, na moo ikiwa ni miguu iliyofupishwa. Lakini Kornelio alianguka kusujudu, na ndiyo maana aliinuliwa. Fungua Kutoka 18:7. Musa, mtu aliyekuwa ametoka kuvuka Bahari ya Shamu na taifa zima nyuma yake, anatoka kumlaki mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani. Anainama, anambusu, kisha wanaulizana hali. Hakuna aliyemkemea. Na shika huo mpangilio, tutaurudia: kwanza aliinama, halafu akauliza.

Na hoja ya utumwa? Nenda Tanzania utazame neno linavyotumika leo. Mkurugenzi wa miaka 35 akipishana na mfagizi wa ofisi mwenye miaka 60, mkurugenzi ndiye anayesema shikamoo na mfagizi ndiye anayejibu marahaba. Salamu ya mtumwa gani hiyo, ambayo bwana anampa mtumishi wake? Neno halitazami mfuko. Linatazama umri, na wakati mwingine ukoo, maana mjomba anaweza kuwa na miaka michache kuliko wewe na bado akabaki mjomba.

Lina mipaka yake, sikatai. Usimpe aliyekupita mwaka mmoja au miwili. Atadhani unamzeesha, na dada wengine watakununia wiki nzima. Mzee naye halianzishi kwa mtoto. Na wakiwa wawili, babu na bibi, unasema shikamooni. Nimewaona pia vijana wanaoandika "shkmoo", kana kwamba heshima inalipiwa kwa herufi. Katika barua liandike lote, neno moja.

Nyinyi mnaoanza kila barua kwa "Bwana asifiwe" mkadhani mmemaliza, nawapenda, lakini hapana. Hiyo inamsifu Mungu na inaitikiwa amina. Mzee bado anangoja yake.

Barua ina ugumu ambao mazungumzo hayana. Ukikutana na mzee barabarani ukasema "Habari", sauti yako inaweza kukuokoa. Umevua kofia, umeinamisha kichwa kidogo, umempa mkono huku umeushika kwa mkono mwingine. Karatasini vyote hivyo vimebaki nyumbani. Limeenda neno peke yake, na ni lazima libebe mwili wako wote. Hata uliyezoea kumsalimia babu yako wa hapa kwa habari na mkono mzuri, ukimwandikia, mkono haufiki.

Basi tukakaa na yule kijana kwenye benchi nje ya kanisa, tukaandika upya. Nilimkataza yale maneno ya insha ya shule, ya "buheri wa afya" na ndugu zake, kwa sababu mzee haandikiwi ili atoe alama. Ilitoka hivi:

"Babu,
Shikamoo.
Mimi ni mjukuu wako, mtoto wa kwanza wa binti ya kaka yako. Natumaini hujambo, na Bibi pia hajambo. Sisi huku Kathiani hatujambo, ila Mama goti lilimsumbua wakati wa mvua, na sasa anatembea.
Habari za Tanga? Mama huniambia mlikuwa na mnazi mbele ya nyumba ambao ulipenda kukaa chini yake. Je, bado upo?
Babu, tuna jambo linalotutatiza, na wewe ndiye mkubwa wetu aliyebaki."

Baada ya hapo ndipo shamba likaingia. Tazama kila neno lilipoketi. Shikamoo iko peke yake kwenye mstari wake, chini ya jina la cheo, na haikuunganishwa na ombi lolote. Tungeandika "Shikamoo Babu naomba uniambie", ingegeuka kuwa kubisha hodi tu. Hujambo imekuja ya pili, ndani ya sentensi, ikiwa tumaini na si swali la kumsimamisha mtu. Huko ndiko inakofaa kwa mzee, na inafanya kazi ambayo shikamoo haiwezi, maana huwezi kuandika "natumaini shikamoo". Habari imekuja ya mwisho, imepewa mji wake na mnazi wake, na hapo imekoma kuwa dai. Imekuwa nafasi ya mzee kusimulia, na wazee wanapenda kupewa nafasi hiyo. Maneno ni yale yale matatu mnayogombania. Musa aliinama kwanza, kisha wakaulizana hali.

Mwishoni kijana alitaka kuandika "wasalimie wote". Nikamwambia agawanye: "Mpe Bibi shikamoo yangu, na watoto uwasalimie." Bibi asichanganywe na watoto kwenye kapu moja.

Kuna kitu kimoja kilimsumbua. Akaniuliza, "Mchungaji, shikamoo hudai marahaba. Nani ataniitikia kwenye karatasi?" Swali zuri. Nikamwambia barua inakwenda na salamu iliyo wazi kama mlango, na inakaa wazi mpaka jibu lirudi. Ukitaka kujua kama mzee ameipokea, usitafute shamba kwenye barua yake. Tazama neno la kwanza.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu hivi. Kijana alikimbia nalo mpaka kwangu bila kulifungua, nikamwambia afungue mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya wino wa buluu, umelala upande mmoja.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Sisi hatujambo. Mnazi ulianguka, nimebaki na kisiki chake, nakikalia. Zamani kidogo nilipata barua nyingine ya shamba, haikuwa na salamu, nikadhani imekosea nyumba. Mpaka tuliupanda mimi na kaka, kuna mti wa mkuyu na jiwe lililopasuka. Nitakuja mwezi wa nane nikuonyeshe kwa mguu wangu. Mwambie mama yako asipike wali, huku nimeushiba. Apike muthokoi."