Mteremko Kwanza, Saruji Baadaye

Wakulima wa Njombe na Makambako, wengi mwadhani kuwa mfereji ukibomoka dawa yake ni saruji. Mimi nasema, upimeni kwanza mteremko. Mfereji mdogo wa udongo yafaa ushuke kama sentimeta 20 katika kila meta 100. Ardhi ikishuka meta 1 katika umbali huo, maji hukimbia na kula sakafu. Mtaona yamekuwa mekundu kwa udongo, na kingo zaanguka. Hapo jengeni ngazi 2 za mawe, kila moja ya sentimeta 40. Zile 20 zilizobaki ndizo mteremko wenu. Saruji iwekeni penye mchanga unaonyonya maji, na chini ya kila ngazi, yaangukapo maji.