Senti inayobaki katikati

Kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Huko Marekani, oda ya mwekezaji mdogo kwa kawaida haianzii kwenye masoko ya gizani, ambako taasisi kubwa huficha oda zao. Dalali huipeleka kwa kampuni ya jumla kama Citadel Securities au Virtu, nayo mara nyingi humlipa kwa kuiletea oda hiyo.

Tuseme sokoni wauzaji wanataka dola 20.04 na wanunuzi wanatoa 20.00. Kampuni ikikuuzia kwa 20.03, hisa 100 zimekuokolea dola 1, na programu ya simu itakupongeza. Lakini katikati ya bei hizo ni 20.02! Senti iliyobaki kwa kila hisa ni ya kampuni, na humo ndimo fungu la dalali hutoka. Akidai zaidi, wewe unapunjwa.

Desemba 2020 dalali Robinhood, bila kukiri wala kukanusha kosa, ilikubali kulipa dola milioni 65. SEC ilikuwa imekuta kwamba wateja wa Robinhood walipoteza dola milioni 34.1 kwa kupewa bei duni, hata baada ya kuhesabu kamisheni walizookoa. Kwa hiyo linganisha bei uliyopata na bei za sokoni za sekunde ileile.